Namba Ishirini kwenye Laini Halisi

Hata leo nikimsikia kijana wa kompyuta akijisifu kwamba programu yake imepita vizuri kwenye sandbox, uwanja wao wa majaribio, damu hunichemka. Siku hizi wana majina mazuri: API ya kuunganisha kompyuta na kompyuta, sandbox ya majaribio, live ya kazi halisi. Sisi, mwishoni mwa miaka ya tisini mjini Kisii, hatukuwa na majina hayo. Kitu chenyewe tulikuwa nacho, na maudhi yake tuliyapata yote bila kupunguziwa.

Nilikuwa nimeajiriwa katika duka la dawa la jumla, la familia ya Kihindi iliyokaa mjini tangu enzi za babu zao. Mwenye duka alikuwa mzee mfupi, mpole, aliyewatania wateja kwa Ekegusii na kupiga hesabu kwa Kigujarati. Mimi, mtoto wa kijijini Nyakoe niliyesomea kompyuta Nairobi, aliniita injinia. Nusu ilikuwa heshima na nusu utani, na sikujua ni nusu ipi kubwa.

Dawa zetu zilitoka kwa kampuni moja kubwa ya Nairobi. Miaka yote mzee alikuwa akiagiza kwa simu: anapiga, mwanamke wa upande ule anaandika, anamsomea tena, wanaulizana habari za watoto, kesho dawa iko kwenye basi. Kisha kampuni ikatutangazia kwamba kompyuta yao sasa inaweza kuongea na kompyuta za wateja. Duka likiwa na modemu ya kuunganisha kompyuta na simu, na programu yake, litapiga namba yao, litatuma oda kwa mpangilio waliouweka wao, na litajibiwa kwa namba. Sifuri sifuri maana yake oda imekubaliwa. Tisa tisa maana yake imekataliwa.

Walitupa namba mbili za simu. Moja ilikuwa laini ya majaribio, ya kujengea programu. Nyingine ilikuwa laini halisi, tutakayohamia tukishakuwa tayari.

Laini ile ya majaribio nilikaa nayo wiki nyingi, na niseme kweli, niliipenda. Ilipokea simu mlio wa kwanza tu. Chochote nilichoagiza ilikuwa nacho. Nilituma oda ya plasta, ya dawa ya kikohozi, ya kwinini ya sindano, zote zikarudi sifuri sifuri kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Nilipokosea namba ya dawa kwa makusudi, ikanijibu tisa tisa. Jibu la tatu sikuwahi kuliona.

Shida ilikuwa simu yetu wenyewe. Kisii mvua hunyesha karibu kila alasiri, na enzi zile ikinyesha, waya zilikwaruza na modemu ikaleta takataka: herufi nusu, alama zisizo na maana. Kwa hiyo niliiandikia programu sheria moja. Ikipata sifuri sifuri, shukuru. Ikipata tisa tisa, mwambie mwenye duka. Ikipata kitu kingine chochote, hiyo ni kelele ya waya: andika kwenye skrini "Laini mbaya, inajaribu tena", kata simu, ngoja kidogo, piga upya. Mhandisi yeyote wa mji huu angefanya vivyo hivyo. Hapa kwetu kitu kisipofika, wa kwanza kulaumiwa ni waya.

Tukahamia laini halisi. Hiyo haikupokea mlio wa kwanza. Asubuhi ilikuwa na shughuli, tukangoja kama watu wengine. Lakini plasta zilikuja. Dawa ya kikohozi ikaja. Mzee akaanza kuniita injinia bila kucheka.

Halafu malaria ikapanda milimani. Waliokuwa kwetu mwaka ule wanajua. Hospitali zilijaa hadi watu wakalala wawili wawili, na kwinini ya sindano ikaisha kwenye kila duka la dawa mjini. Yetu iliisha jioni moja.

Asubuhi iliyofuata alikuja nesi wa zahanati moja ya Ekerenyo. Alikuwa amepewa lifti na pikapu ya kiwanda cha chai iliyokuja mjini kuchukua vipuri. Alisema ana mama mmoja mjamzito kitandani, malaria imempanda kichwani, anatapika kila anachomeza. Dripu ya mwisho ya kwinini ingekwisha jioni. Dereva alikuwa amemwahidi kwamba dawa ikikosekana, watarudi mara moja, wamchukue mgonjwa na kumleta hospitali ya Kisii kabla barabara haijawa tope. Lakini dereva hangeweza kungoja zaidi ya saa sita mchana.

Nikamwambia akae kwenye benchi. Nilituma oda mbele yake. Ingekubaliwa asubuhi hiyo, sanduku lingepanda basi la mchana kutoka Nairobi na kufika kwetu magharibi. Modemu ikapiga kelele zake, skrini ikaandika: Laini mbaya, inajaribu tena.

Mvua haikuwa imeanza. Nililiona hilo, nikalipuuza, nikasema moyoni labda inanyesha Narok, njiani waya zinakopita. Programu ikajaribu tena, na tena. Mzee akaja, akasimama nyuma yangu, akauliza kwa nini asiinue tu simu na kumpigia yule mwanamke wa Nairobi. Nilimjibu kwa ukali, na sikujali kuwa ni mzee na ni mwajiri. Duka lilikuwa na laini moja tu. Akiinua mkono wa simu, modemu inakatika katikati ya oda. Nilimwambia angoje, iko karibu kuingia. Akarudi kwenye kaunta.

Saa sita ikakaribia. Pikapu ikapiga honi nje. Nesi akasimama, akaja hadi mezani pangu.

"Niambie ukweli," alisema. "Dawa inakuja ama haikuji? Kama haikuji, nimlete huyo mama saa hii."

"Inakuja, sista," nilimwambia. "Hii ni shida ya laini tu."

Akatoka, akaongea na dereva, na pikapu ikaondoka bila yeye. Alirudi kwenye benchi akakaa na mkoba wake mapajani.

Alasiri mvua ikanyesha kweli. Programu bado ilikuwa ikipiga, ikikata, ikipiga. Nilikuwa nimelikasirikia shirika la simu, nguzo zake, na mvua yenyewe. Ndipo nikaamua kuangalia herufi zile mbichi zilizokuwa zikirudi kabla programu haijazitupa. Nilitarajia takataka. Nilikuta namba ishirini. Safi kabisa, bila mkwaruzo. Nikangoja jaribio lingine. Ishirini. Waya haukosei vilevile kila mara. Ilikuwa ni jibu, na mimi sikuwahi kufundishwa kulielewa.

Nikachomoa modemu. Nilikuwa bado nimeshika waya wake simu ilipoanza kulia.

Alikuwa mwanamke mwingine, mfamasia wa kampuni ile. Hakunisalimia.

"Nyinyi watu wa Kisii mna simu ama mna mapambo?" aliuliza. "Nimewapigia tangu asubuhi, kila saa iko bize. Na mnataka hizi oda zote za kwinini za nini?"

Nikamwomba anieleze polepole. Akanieleza. Kwenye laini halisi, oda yoyote ya sindano haikubaliwi na kompyuta. Inapokelewa, inapewa namba ishirini, inawekwa kando, na mfamasia anampigia mteja simu kuthibitisha leseni ya duka. Akiridhika, anaiachilia. Oda ile ya kwanza kabisa ilikuwa mezani kwake tangu asubuhi, na zile programu yangu ilizorudia zilikuwa juu yake, kila moja ikihesabiwa kama oda mpya. Alichohitaji ni sisi kupokea simu. Na simu yetu ilikuwa imeshikwa na programu yangu, iliyokuwa ikimpigia yeye.

Mzee alimsomea namba ya leseni. Tulimwomba aachilie oda moja na kufuta nyingine. Yote yaliisha katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Basi la mchana lilikuwa limeondoka kitambo. Sanduku lingepanda la usiku na kufika alfajiri.

Kabla mfamasia hajakata simu nilimwomba aniunganishe na bwana wa kompyuta wao. Nilimuuliza kwa nini laini yao ya majaribio ilikubali kwinini ya sindano papo hapo, kwa nini haikuwahi kutoa ishirini hata siku moja. Alijibu bila wasiwasi wowote. Kwenye majaribio hakuna mfamasia, alisema, kwa hiyo mfumo unajikubalia wenyewe, la sivyo oda zingekaa huko milele. Ile laini ni ya kuhakikisha programu yenu inaunganika. Nilimwambia basi wangetuambia, na nikamwambia mengine ambayo mzee alifunga mlango wateja wasiyasikie. Bwana yule akasema amenielewa, atalifikisha kwa wahusika. Sijui ni wahusika gani. Bado nawangoja.

Mzee alichukua mwavuli, akaenda mwenyewe kwa maduka ya washindani wake, hata kwa yule ambaye hawakuwa wakisalimiana. Alirudi ameloa na pakiti ya vidonge vya kwinini. Sindano hazikuwepo popote. Nesi alivipokea kwa mikono miwili, akamshukuru. Hakusema kwamba mgonjwa wake hawezi kuweka kidonge tumboni. Sote tulikuwa tumemsikia asubuhi. Akaenda kutafuta gari la mwisho la Nyamira, njia ya kurudi Ekerenyo. Mimi aliniangalia kidogo tu, wala hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Alfajiri nilikuwa stendi kabla basi halijafika. Mzee alinipa gari lake, na nikapanda nalo hadi Ekerenyo kwenye tope, mara mbili nikisukumwa na wanawake waliokuwa wakienda kuchuma chai. Njia nzima nilikuwa nikibishana na bwana wa kompyuta kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, nikimshinda kila mara.

Zahanati ilikuwa imefunguliwa. Nesi alikuwa na nguo zile zile za jana. Aliniambia niweke sanduku juu ya meza, akalipasua kwa mkasi, akatoa chupa, akaanza kuandaa dripu bila kupoteza hata neno. Nilimfuata hadi mlango wa wodi. Mama alikuwa amelala ubavu, macho wazi, ameukazia ukuta. Mwanamke mzee, nadhani mama mkwe, alikuwa sakafuni akikunja shuka iliyoloa damu.

Nesi akamchoma sindano, akatundika dripu, akaitazama ikianza kudondoka. Aliporudi mlangoni nilimuuliza mgonjwa yukoje.

"Mama ni mzima," alisema. "Sasa dawa iko, atapona."

Nikauliza, "Na mtoto?"

Alichukua mkebe wa maji, akaanza kunawa mikono taratibu, hadi kwenye viwiko.

"Mama ni mzima," alisema tena.