Mama wa Gikomba na Daftari Langu la Kupanga Uzazi

Nilipokuwa mwanafunzi wa ukunga nilikuwa na daftari ambalo darasa zima lililitaka. Nilichora jedwali kwa rula, njia moja baada ya nyingine: vidonge, sindano ya miezi mitatu, koili ya kuwekwa ndani ya kizazi, kondomu, kufunga uzazi. Mbele ya kila njia niliandika nani anafaa, nani hafai, madhara yake, na dawa zisizopatana nayo. Vidonge vyenye homoni mbili asipewe mwenye presha, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Sindano huvuruga hedhi, na mimba huweza kuchelewa mtu akiiacha. Koili huongeza damu na maumivu ya tumbo miezi ya kwanza. Wenzangu walilinakili hosteli, nami nilitembea kama mwalimu.

Tulipelekwa mazoezini katika kliniki ndogo ya mtaa huku Eastlands, miaka ya tisini. Chumba cha ushauri kilitenganishwa na benchi la wagonjwa kwa pazia tu. Sista, muuguzi aliyetusimamia, alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyerudia neno. Aliniruhusu nihudumie wateja peke yangu kwa sababu nilijibu maswali yake yote.

Asubuhi moja aliingia mama aliyeuza nguo za mitumba sokoni Gikomba. Alikuwa na watoto wanne, mwembamba, leso imefungwa kifuani. Alitaka vidonge. Nilimpima presha, ikawa sawa. Nikamweleza jedwali langu lote kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi, maana nilijua sista yuko karibu na nilitaka anisikie.

Katikati ya maelezo yule mama alisogeza kiti na kuninong'onezea, "Sista, kuna dawa zingine natumia."

"Ngoja kwanza mama, nimalize," nikamwambia. "Maswali ni mwishoni."

Nilipomaliza nikamuuliza kama ameelewa. Akatazama pazia, akasema ameelewa. Kwenye kadi yake palikuwa na swali kuhusu dawa nyingine anazotumia mteja. Niliandika "hapana", nikampa pakiti tatu na kumwita aliyefuata.

Alirudi vidonge vilipokwisha, akasema hajaona siku zake. Alikuwa na mimba. Sista alimwingiza ofisini kwake, akafunga mlango, akakaa naye upande mmoja wa meza. Mimi nilisimama kando. Hakumweleza chochote. Alimuuliza tu maisha yamekuwaje tangu mwaka uanze, kisha akanyamaza. Yule mama naye akasema yote. Alikuwa ameanza matibabu ya kifua kikuu majuma mawili kabla ya kuja kwetu, na miongoni mwa dawa zake kulikuwa na ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Siku hizo ukitaja kifua watu walikuhesabu kuwa una ule ugonjwa mwingine, Ukimwi, na kwenye benchi walikaa majirani zake wawili.

Dawa ile hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Ilikuwa kwenye daftari langu, safu ya nne, kwa wino mwekundu.

Sista alichukua kadi akaisoma. Akamuuliza yule mama kwa upole kama aliulizwa kuhusu dawa. Mama alinitazama, kisha akatazama mikono yake. "Labda mimi sikusema vizuri," akajibu.

Sikusema neno. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo kuliko kosa lenyewe: mwanamke aliyebeba mimba asiyoitaka, na ugonjwa juu yake, alinifichia aibu yangu, nami nikamwachia.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu nilimfuata sista nikamwambia ukweli, kwamba yule mama aliniambia nikamnyamazisha, na kwamba lile "hapana" lilikuwa langu. Hakunifokea. Alisema alikuwa akingoja. Kisha akaniweka kwenye kiti cha pembeni ofisini mwake majuma mawili, nisikilize wateja bila kufungua mdomo.

Nilimwomba yule mama msamaha alipokuja kliniki ya wajawazito. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, sista," bila kutabasamu, akaniuliza foleni ya kupima uzito ni ipi. Sikuwa na haki ya kutaka zaidi.

Alimaliza matibabu yake ya kifua na akajifungua msichana mwenye afya. Baadaye alichagua koili. Aliyemshauri ni sista; mimi nilikuwa pale pale, lakini yule mama alimuulizia yeye.