Masini ya Mupepo

"Dirisha ni kitu ya maskini!" Nkulu alitangaza hivyo bandarini Kashikishi, mbele ya wauza samaki, wapakia maboti na mbuzi mmoja aliyekuwa anajipitia. "Miye niko na masini. Inakula vumbi, inakula moshi, inatapika mupepo safi!"

Masini yenyewe ilikuwa sanduku jeupe lenye feni na kichujio ndani. Aliinunua mjini Mansa kwa mzungu wa mradi aliyekuwa anafunga mizigo. Nkulu, fundi cherehani kutoka ng'ambo ya ziwa, alishona magauni meupe ya ubatizo katika chumba kilichobanwa kati ya barabara ya malori na matanuri ya jirani yake, Felistus, ya kukaushia samaki. Zamani gauni lililoanza asubuhi likiwa jeupe lilimalizika jioni likiwa na rangi ya barabara. Basi akaziba dirisha kwa matofali, akasokomeza kitambaa chini ya mlango, akawasha masini. Tuseme haki: ilifanya kazi. Vumbi lililoelea lilinaswa, macho yakaacha kuwasha, kichujio kikawa na rangi ya panya. Vumbi lililokwisha kutua mezani alilifuta kwa mkono wake mwenyewe, lakini hilo hakulitangaza bandarini.

Mwezi wa sita, baridi ikiuma, Mama Rosaria akavuka ziwa kutoka Pweto pamoja na binti yake, Emilienne, kumtazama mtu anayetaka kumwoa. Akisema hapana, habari imekwisha. Nkulu akampa mama chumba chake, Emilienne akalala kwa Felistus, naye mwenyewe akahamia kwa rafiki.

Asubuhi iliyofuata alimletea mama mkwe mbabula ya makala, yaani jiko la makaa yaliyowaka vizuri, akaiweka kando ya kitanda.

"Utaniwekea moto ndani, na mulango umefungwa?" mama akauliza.

"Usiogope, mama. Hakuna moshi hata kidogo. Na masini inaleta mupepo. Sikia!"

Mama akanyoosha mkono. Kweli, upepo ulimpuliza vidole. Kwa Kiswahili cha ziwani upepo ni mupepo, na hewa nayo ni mupepo, nani angebishana? Nkulu akafunga mlango, akarudisha kitambaa chake chini, akaenda kutafuta mkate huku akipiga mluzi.

Aliporudi, Emilienne na Felistus walikuwa wamemshika mama kwapani, wanamtoa nje. Kichwa kinampasuka, ametapika chai yote.

"Mama, ni boti ya jana?" Nkulu akauliza.

"Boti gani! Emilienne, funga mizigo. Saa sita narudi Pweto. Huyu mwanaume anaua batu kwa adabu."

Nkulu akamgeukia Felistus. "Lakini hakukuwa na moshi! Masini ilikuwa inaleta mupepo mwingi!"

"Iwe, wewe Nkulu!" Felistus alikuwa Mzambia wa hapo hapo, Kiswahili chake cha sokoni tu, lakini moshi aliujua kama mwanawe. "Inaleta kutoka wapi? Iko na mudomo inje?"

"Haina."

"Basi inazungusha ule ule! Inachuja vumbi, inachuja moshi wa kuonekana. Sumu ya makala haionekani, hainuki, inapita kwenye kichujio kama mugeni mwenye karatasi zote. Tanuri yangu iko na tundu chini, tundu juu. Nikiziba, moto unakufa. Na samaki zangu hazipumui! Wee ulimuziba mama ya mutu."

Wauza samaki waliokusanyika uani wakacheka. Nkulu akakumbuka kwamba yeye mwenyewe wiki nzima iliyopita aliamka na kichwa kizito kila alipolala na moto wa mbabula ile chumbani, akasingizia hofu ya ukwe. Aliitoa mbabula uani, akaazima nyundo, akaupiga ukuta mpaka matofali yakaanguka moja baada ya jingine, naye akageuka mweupe kuliko magauni yake. Hewa ya ziwa ikaingia. Nyuma yake lori likapita, na vumbi nalo likaingia bila hodi.

"Sasa magauni yako?" Emilienne akauliza.

"Lori zikipita nitafunga kidogo, masini ikule vumbi. Zikiisha ninafungua. Lakini moto ni inje, siku zote."

Saa sita boti ilingoja. Mama Rosaria alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, kichwa kimetulia, anamtazama bwana aliyejaa simenti hadi kwenye kope.

"Mutu mwenye kiburi nimeshaona wengi," akasema. "Mwenye kuvunja ukuta yake mbele ya batu wanaomucheka, huyu ni wa kwanza. Emilienne, shusha ule muzigo. Wewe, Nkulu, kaa chini, nikuambie bajomba yake watataka mahari gani."

Mbuzi tatu, baiskeli moja mpya na dola mia na hamsini.