Bi Somoe Hatazamwi Kichwa Wazi

Stamili wa kijiji cha Mnyambe alianza kurusha video fupi akimenya ming'oko, vile viazi pori vya Kusini, na mama yake, Bi Somoe. Bibi yule alikuwa na mdomo, jamani! Akiona simu, kwanza anauvuta ushungi, anauweka sawasawa, ndipo anamgeukia binti yake: "Unamenya au unachonga vinyago?" Watu walimpenda kwa hayo hayo.

Basi figo zikamwangusha, akalazwa, akafariki. Siku ya tatu ya matanga shangazi akapiga simu kutoka Masasi, analia. "Stamili, mwanangu, mbona mmemwanika mama yako?"

Stamili akafungua ukurasa wake. Mama huyo hapo, kitandani hospitali, kichwa wazi, anahema kwa shida. Wamemtilia na wimbo wa kuliza watu, na maandishi: "Tazama mpaka mwisho usikie maneno yake ya mwisho. Usipite bila kuandika Amina." Maneno gani? Mama alishakata kauli! Aliyerekodi na kurusha ni Mujibu, mtoto wa mama yake mdogo, mshika simu wao wa siku zote.

"Dada, hii imeshika," Mujibu akasema. "Watazamaji wengi hivi hatujawahi kupata. Iache hata wiki moja."

"Ulimwomba ruhusa?"

"Alikuwa hajitambui."

"Basi hakukubali. Na watazamaji umewadanganya, wanasubiri neno ambalo halipo. Wengine nao wana wagonjwa ndani! Huoni haya?"

Akaifuta palepale mbele ya wafiwa, namba zikiwa bado zinapanda. Mjomba mmoja akaguna kwamba bahati imetupwa jalalani. Na agune mpaka achoke! Nakala zilizochukuliwa na wengine, Stamili aliripoti kila aliyokutana nayo. Hazikuisha zote, na hilo lilimuuma vibaya.

Matanga yalipokwisha akaketi jikoni, akamwambia Mujibu ashike simu. Mujibu akashika, ameinamisha uso.

"Hii ni habari ya msiba," Stamili akaanza. "Kama kidonda chako bado kibichi, ipite tu, hutakuwa umenikosea."

Wimbo hakuweka, michango hakuomba. Alisema mama amefariki kwa figo, na kwamba yeye bado humwita akiwa jikoni, kisha anakumbuka. Akasimulia jinsi mtani wao alivyojifunga khanga ya marehemu pale msibani, akamwigiza anavyosuta watu, waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka. Akashukuru, akamaliza.

Haikupita saa, mtu akaandika chini yake: "Binti gani huyu, mama kafa na chozi hana?"

Mujibu akataka kuyafuta maneno hayo.

"Yaache," Stamili akasema, akaichukua simu, akajibu kwa mkono wake: "Nimelia sana, ndugu yangu. Nililia na walionishika mkono. Wewe sikukualika."