Laki Nne Zisizo na Mwenyewe

Watu wa Ikwiriri wakitaka kuoza mtoto, huanza na mambo mawili: wanatafuta tarehe, halafu wanamtafuta Bi Tabu. Anauza mchele na ufuta karibu na stendi, amekuwa mweka hazina wa kamati kumi na moja za harusi na nne za misiba, na mpaka leo hajapata kuitwa mwizi. Kwa mji unaopenda maneno kama wetu, hilo si jambo dogo.

Mimi ni fundi cherehani, jina langu Miraji, na sina subira. Namwandika Bi Tabu kwa sababu nina deni lake ambalo hela haililipi. Nilipoanza kuandaa harusi ya binti yangu Yasmini, nilimfuata dukani kwake akiwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Baba Yasmini, nitaifanya kazi yako," aliniambia, "ila nina masharti. Pesa yote ipite benki. Na mimi sili chochote cha kamati mpaka siku ya pilau."

Kweli hakula. Kwenye vikao wenzake walikunywa soda za kamati, yeye alikuja na chapati yake imefungwa kwenye gazeti na chai kwenye chupa. Mwenyekiti wetu, Bwana Ally, alimtania kwamba anaogopa kulogwa. Akamjibu kwamba anaogopa kuhesabiwa.

Akaunti ilifunguliwa tawi la Kibiti, watia saini watatu. Daftari la ahadi lilikuwa na majina themanini na sita. Kila jina lilikuwa na nafasi tatu: alichoahidi, alicholipa, kilichobaki. Mtu akiweka pesa kwa wakala au kwa simu, anatuma ujumbe kwenye kundi letu la simu, na Bi Tabu anaandika. Jafferali wa duka la vifaa vya ujenzi aliweka yake kwa jina la duka, na Bi Tabu alimpigia kumuuliza kama ni yeye kabla hajaigusa kalamu. Jafferali alicheka sana, ila alijibu.

Kamati ilipitisha kanuni: ikifika Ijumaa ya wiki moja kabla ya harusi, asiyelipa hata shilingi hapati kadi. Kanuni ile niliipigania mimi mwenyewe. Ukweli nausema, nilikuwa namlenga mtu mmoja.

Mtu huyo ni kaka yangu Bushiri, mkubwa wangu, yuko Kiongoroni huko deltani tulikozaliwa. Mama yetu, Bi Mwanamina, alipofariki miaka minne iliyopita alituachia minazi. Fungu langu niliuza kwa mtu baki bila kumuuliza kaka. Nilikuwa nataka cherehani ya umeme, na nilijua angekataa. Aliponipigia, hakunitukana. Alisema tu, "Haya, mdogo wangu," akakata simu. Toka siku hiyo tulisalimiana kwenye misiba tu, na mimi, mwenye kosa, ndiye niliyenuna zaidi. Ndivyo tulivyo watu wa hasira, tukikosea tunawakasirikia tuliowakosea.

Hata hivyo, kaka alituma salamu kwamba ameahidi laki moja na nusu. Watu wengine sita wa Kiongoroni nao waliahidi. Jumla yao saba ilikuwa laki tatu na themanini. Jumatano ya wiki hiyo, mbele ya majina yote saba, nafasi ya malipo ilikuwa tupu.

"Si unaona?" nilimwambia Bwana Ally. "Ndugu zangu wa damu! Ahadi mdomoni, mkononi hakuna."

Siku hiyo Bi Tabu alikuwa amerudi kutoka Kibiti na taarifa ya akaunti, kurasa mbili. Alikaa kwenye gunia la mchele, kalamu nyekundu mkononi, akaanza kulinganisha. Mstari mmoja wa benki, jina moja la daftari, alama hapa, alama kule. Mimi na Bwana Ally tulisubiri tukipiga miayo.

Alipomaliza alikunja uso. Daftari lilisema tumepokea milioni tano, laki tisa na elfu arobaini. Kwenye akaunti kulikuwa na milioni sita, laki tatu, ishirini na sita elfu na mia nne. Na tulikuwa hatujatoa hata senti.

"Zimezidi!" Bwana Ally alirukia. "Alhamdulillahi. Ongeza mbuzi mwingine."

"Hakuna mbuzi," Bi Tabu alimjibu. Akaonyesha makato ya benki ya miezi miwili, elfu kumi na tatu na mia sita. Akayarudisha juu ya salio, na tofauti ikatulia: laki nne kamili. Na kweli kwenye taarifa kulikuwa na mstari mmoja uliobaki bila alama. Laki nne, zimewekwa kwa wakala wa Nyamisati, aliyeweka ni Saadi. Katika majina themanini na sita hapakuwa na Saadi.

"Nyamisati ndiko boti za delta zinakoshukia," alisema Bi Tabu polepole. "Baba Yasmini, hawa watu wako saba..."

"Wao wanadaiwa laki tatu na themanini," nilimkatiza. "Hii ni laki nne. Haioani. Usinipambie watu."

"Ndiyo, haioani. Imezidi elfu ishirini. Mtu anayekwepa mchango hazidishi."

Nilimwambia pesa ni pesa, afunge daftari, kadi zigawiwe. Hapo ndipo nilipomwona Bi Tabu akikasirika, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Hakupandisha sauti. Alifunga daftari, akaliweka mapajani, akalifunika kwa mikono yote miwili.

"Pesa isiyo na mwenyewe si yetu," alisema. "Na jina lisilo na alama lina mtu wake. Nikifunga hivi, kaka yako atakaa Kiongoroni siku ya kuolewa mwanawe, na kila mtu atajua kwamba hakutoa. Kama alitoa, utamrudishiaje heshima yake? Kwa kalamu gani?"

Nikaudhika. Alipiga simu Kiongoroni mara nane, haikupatikana. Akampigia wakala wa Nyamisati, akaambiwa Saadi ni nahodha wa boti ya abiria na kesho atakuwepo. Bi Tabu akaniambia nijiandae alfajiri. Nilimwambia nina magauni ya kushona. Akaniambia gauni la bibi harusi litasubiri, heshima ya mtu haisubiri.

Tulipanda basi mpaka Bungu, na kutoka hapo bodaboda mbili mpaka Nyamisati. Njia nzima nilikuwa nanung'unika ndani ya kofia ya bodaboda. Tulimkuta Saadi anapakua magunia ya mkaa, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, suruali imelowa mpaka magotini. Bi Tabu alijitambulisha, akataja zile laki nne.

"Eee, mama, zilifika?" Saadi aliuliza kwa furaha. "Mimi nikajua mnazo na majina yake."

"Majina gani, mwanangu?"

Alitoa pochi ya plastiki shingoni, ile ya kuhifadhia vitambulisho maji yasiingie. Ndani yake kulikuwa na risiti ya wakala, na karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Kule Kiongoroni hawana wakala, akaeleza. Pesa ikitakiwa bara, mtu mmoja hupita nyumba kwa nyumba, huandika majina, na nahodha hubeba yote kwa pamoja. Yeye alimpa wakala pesa na karatasi. Wakala akaingiza pesa, na kwa kuwa mashine inataka jina moja la anayeweka, aliandika Saadi. Kisha akamrudishia karatasi pamoja na risiti. Saadi alidhani majina nayo yameshasafiri.

Bi Tabu hakumlaumu. Aliikunjua karatasi juu ya gunia la mkaa na kutoa daftari lake. Mwandiko niliujua kabla sijasoma. Bushiri huandika herufi kubwa tupu, kama anachonga.

Bushiri, laki moja na nusu. Alama. Watatu, elfu hamsini kila mmoja. Alama, alama, alama. Wawili, elfu thelathini kila mmoja. Mmoja, ishirini. Saba wote walikuwa wametimiza, hakuna aliyepunguza hata shilingi, na tarehe ya risiti ilikuwa wiki tatu nyuma. Wiki tatu nzima nilikuwa nikiwasema.

Mstari wa nane ulikuwa chini peke yake. MAREHEMU MAMA, ELFU ISHIRINI. NAZI ZAKE.

Nilisoma mara mbili. Kaka alikuwa ameangua nazi za minazi iliyobaki, ile ambayo sikuiuza, akaziuza sokoni, na pesa yake akamwandikia mama mchango wa mjukuu wake. Mama hakuwa kwenye daftari la ahadi. Hakuna aliyemtegemea. Nilikaa chini kwenye vumbi la mkaa na suruali yangu safi, nikalia mbele ya watu, na sioni haya kuliandika.

Bi Tabu alinisubiri. Kisha akauliza, kwa sauti yake ile ile ya kazi, "Jina lake kamili?"

"Mwanamina binti Sadala."

Akaandika jina la themanini na saba. Kwenye nafasi ya ahadi akapiga mstari, kwenye malipo akaandika elfu ishirini. Akajumlisha. Milioni sita, laki tatu na elfu arobaini. Akatoa makato, ikaangukia kwenye salio la benki bila kupungua wala kuzidi. Ndipo alipofungua gazeti lake, akakata chapati, akanipa nusu.

Palepale alitoa mkobani kadi nane, akaziandika majina, akazitia kwenye ile pochi ya Saadi. Nilimwambia ni saba, Bi Tabu, mama ameshatangulia.

"Kanuni uliipitisha wewe," alinijibu. "Aliyelipa anapata kadi."

Nikaomba kalamu. Nyuma ya kadi ya kaka niliandika: Kaka, nilikosa kuhusu minazi. Njoo unisimamie. Maneno hayo yalikuwa yamenikwama miaka minne, na kuyaandika hakukuchukua hata dakika.

Jumamosi ya harusi kaka alikuja, na wenzake sita, kanzu zao zikinuka chumvi ya boti. Alinishika bega kwa nguvu, akasema, "Haya, mdogo wangu." Ni maneno yale yale ya kwenye simu, na safari hii aliyasema akinitazama usoni.

Mlangoni alitoa kadi mbili. Mpokea wageni, mkasi wa kukatia kadi mkononi, akaziangalia, akaangalia nyuma ya kaka, hakuona mtu.

"Mzee, huyu Bi Mwanamina yuko wapi?"

Ndani, Yasmini alikuwa amekaa na khanga ya bibi yake mabegani, na Bi Tabu alikuwa anakula pilau ya kamati kwa mara ya kwanza. Nilimjibu mimi.

"Yumo. Kata kadi yake."