Noti ya Kwanza Kanisani Kwetu

Mama yangu ndiye aliyesema kabla mimi sijasema. Kinanda cha kwaya kilikuwa kimeungua umeme uliporudi kwa nguvu, na sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia. Mwalimu wa kwaya, mzee ambaye amewafundisha kuimba karibu wote wa usharika wetu wa mlimani, alilalamika kwamba hana pa kuchukulia noti ya kuanzia. Mama, anayeimba sauti ya pili, akajibu mbele ya kwaya nzima: "Binti yangu anafundisha elektroniki mjini. Atatengeneza kitu."

Programu ya bure kwenye simu ingetosha. Nililijua hilo, naye mzee angelijua kama ningemwambia. Lakini mama alikuwa ameshanisifu, na mimi nilipenda kusifiwa.

Kitu chenyewe nilikitengenezea chumbani kwangu mjini, mtaa wa Majengo: kisanduku cha plastiki chenye betri mbili. Ndani mlikuwa na saketi ambayo wanafunzi wangu chuoni huiunda kila muhula: op-amp moja, yaani kikuza umeme kidogo chenye miguu, kapasita ya kuhifadhi umeme, na rezista chache za kuubana. Op-amp inalinganisha miguu yake miwili ya kuingilia. Mmoja unasoma kapasita, mwingine unasoma nusu ya kile op-amp yenyewe inachotoa. Ikitoa umeme wa juu, kapasita inajaa taratibu kupitia rezista. Ikifika kwenye ile nusu, op-amp inageuka ghafla na kutoa umeme wa chini, na kapasita inaanza kushuka hadi nusu ya upande wa pili. Hapo inageuka tena. Haina mwisho hadi betri ife. Kwenye mguu wa kutolea unapata wimbi la mraba, na kwenye kapasita unapata wimbi linalopanda na kushuka, karibu pembetatu, ingawa mbavu zake zimepinda kidogo. Kasi yote inategemea rezista ile moja na kapasita ile moja. Rezista yangu niliiwekea kitufe cha kuzungusha: ukiipunguza, kapasita inajaa haraka na sauti inapanda.

Mazoezi ya kwanza yalikwenda vizuri. Nilichukua wimbi la mraba, nikalipeleka kwenye spika ndogo, na noti ikatoka pale pale mzee alipoitaka. Waimbaji wakapiga makofi. Mama peke yake alikunja uso.

"Mwanangu, inalia kama nyigu kwenye kopo. Haiwezi kuwa laini kidogo?"

Inaweza, nikamwambia. Nilijua wimbi la pembetatu lina sauti tulivu, kama filimbi. Siku iliyofuata nikakipeleka chuoni, nikaunga waya kutoka kwenye kapasita hadi kwenye tundu la kutolea, nikapima kwa oskiloskopu, mashine inayoonyesha wimbi la umeme kwenye kioo. Mbavu zilipanda na kushuka vizuri, noti ilikuwa ileile. Nikafunga kifuniko kwa skrubu.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa. Mbele ya madhabahu palikuwa na mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, kuku waliofungwa miguu, madumu ya maziwa. Mama alivaa kitenge cha kwaya alichokipiga pasi tangu jana yake. Kijana wa vyombo vya sauti akachukua waya wangu akauchomeka kwenye miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, ili noti isikike kwenye spika za kanisa. Hatukuwa tumejaribu hivyo.

Mzee akanipa ishara. Nikabonyeza. Sauti ikatoka laini kweli, nzuri, na mama akanitazama akatabasamu. Mzee akaishika noti, akawapa kila sauti mahali pake, akashusha mkono.

Ubeti wa kwanza ulizama. Wanaume wa besi walishuka hadi mahali ambapo hapakuwa na sauti tena, ila pumzi. Akina mama wa sauti ya pili walinung'unika kama watu wanaosali peke yao. Niliona midomo ya mama ikifunguka na sikusikia kitu. Mzee akainua mkono, akawasimamisha. Kwaya ile haijawahi kusimamishwa katikati ya wimbo tangu nijue kusikia.

"Mwalimu," akaniambia, kipaza sauti kikiwa mbele yake, "tupandishie kidogo."

Nikazungusha kitufe. Kwa haraka nikazidisha. Kanisa zima likasikia sauti ikipanda juu kama mashine ya kusaga inapowashwa. Watoto wakacheka kwanza, kisha watu wazima. Nikarudisha, ikashuka. Mchungaji akainamisha kichwa, nadhani kuficha kicheko.

Mzee akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akaguna noti moja kooni mwake, wakaimba. Waliimba vizuri sana. Mimi nilikuwa bado nimesimama pembeni na kisanduku mkononi, sijui nikae au nitoke.

Nilikuwa nimeshajua. Nilijua kabla ubeti haujaisha, na hilo ndilo lililoniunguza zaidi. Wimbi la mraba linatoka kwenye mguu wa op-amp wenye nguvu. Uunge chochote cha kawaida, haujali. Kapasita haina nguvu hiyo. Umeme wake unapitia rezista kubwa, na miksa ilikuwa inaunyonya kabla kapasita haijajaa. Ikachelewa kufika kwenye nusu yake, na noti ikashuka zaidi ya hatua nzima ya muziki. Oskiloskopu hainyonyi kitu cha kuonekana, ndiyo maana chuoni nilidanganyika. Mwanafunzi akinichorea waya kama ule, ninaandika kwa kalamu nyekundu: "Mzigo je?", yaani kifaa kitakachonyonya umeme huo. Muhula ule nilikuwa nimeandika hivyo kwenye kazi zaidi ya moja.

Baada ya ibada watu walitoka uwanjani kwenye mnada wa mavuno. Nilitaka kupita nyuma ya kanisa niende zangu, lakini mama alikuwa amezungukwa na wenzake.

"Msimlaumu," alikuwa anawaambia. "Mimi ndiye niliyemsumbua. Alikitengeneza vizuri, mimi nikasema kinalia vibaya."

Mmoja akamshika bega. "Usijali, mama. Hata wasomi hukosea."

Nikasogea. "Shikamooni. Si kosa lake, ni langu. Nilipaswa kulijua."

"Marahaba," wakaitikia, kisha wakaniuliza habari za chuo kwa adabu. Adabu ile ilikuwa nzito kuliko vicheko vya kanisani. Mama alinitazama kana kwamba nimemnyang'anya kitu. Alikuwa ananikinga, nami nikamwondolea hata nafasi hiyo mbele za watu. Tulipanda njia ya kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani, na mtori, supu ya ndizi na nyama aliyoipika asubuhi kwa ajili ya kunipongeza, tuliunywa ukiwa umepoa.

Marekebisho yalichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. IC niliyotumia, kile kipande cheusi chenye miguu, ina op-amp mbili ndani, na ya pili ilikuwa imelala tu. Niliiweka katikati ya kapasita na tundu, isome kapasita bila kuinyonya, kisha itoe sauti ileile kwa nguvu zake. Safari hii nilikijaribu kwenye miksa ya chuo kabla ya kufunga kifuniko.

Jumamosi, siku ya mazoezi, nilikirudisha. Nilikuta mjukuu wa mzee ameshamwekea programu kwenye simu. Mzee akakipokea kisanduku kwa mikono miwili, akakijaribu kwenye miksa, akatikisa kichwa kukubali.

"Iko sawa, Mwalimu. Tena ni laini."

"Asante, mzee. Mnisamehe kwa Jumapili."

"Jumapili tuliimba," akasema.

Halafu akakiweka juu ya kabati, kando ya kinanda kilichoungua, akaichukua simu na kuwapa waimbaji noti. Mama alikuwa mstari wa pili. Aliimba akiangalia mbele, na mimi nilikaa benchi la nyuma hadi mazoezi yakaisha, kwa kuwa kutoka mapema kungeonekana.