Hofu ya Msafishaji wa Wodi ya Uzazi

Kwa miaka sita Regina Lokwang amesafisha sakafu ya wodi ya kujifungulia katika hospitali moja ya mjini Isiolo, na katika miaka hiyo hakuwahi kuona uzazi uliokwenda salama. Si kwamba haukuwepo. Uzazi ukienda salama, muuguzi hupangusa kitanda mwenyewe, mama husogezwa wodi ya pili, na Regina hupita na mopu saa zake za kawaida, saa nne na saa tisa. Nje ya saa hizo huitwa kwa sababu moja tu.

"Regi! Kuja na ndoo!"

Basi kila alipovuka ule mlango nje ya ratiba, alikuta damu. Mara nyingine mama alikuwa bado kitandani. Mara mbili alikuwa amefunikwa uso. Mmoja wa hao wawili aliletwa kutoka Biliqo baada ya kutokwa damu nyumbani na kukaa siku nzima njiani, na Regina alipangusa kumzunguka akiinua ncha ya shuka ili mopu ipite.

Alipopata mimba ya kwanza, akiwa na miaka ishirini na saba, hakumwambia mtu kazini. Alivaa koti la kazi la saizi kubwa. Kliniki alikwenda mara moja tu, kwenye zahanati iliyo nje ya mji ambako hakuna aliyemjua, kisha akaacha. Usiku hakulala. Mumewe Kevin, anayechomelea milango ya chuma, alimkuta mara kadhaa ameketi sakafuni katika chumba chao cha mtaa wa Kiwanjani, mgongo ukutani, akipumua kama mtu aliyekimbia.

"Usiogope," Kevin alimwambia.

"Ukiniambia hivyo tena nitalala kwa jirani."

Aliacha kumwambia.

Regina alikuwa na mpango. Mwezi wa tisa ukiingia angekwenda Kinna kwa shangazi yake, ajifungulie pale nyumbani, mbali na kila kitanda alichowahi kukipangusa. Alijua mpango huo ni hatari kuliko alichokuwa akikikimbia; yule mama wa Biliqo alianza kutokwa damu nyumbani. Alilijua hilo vizuri, na bado alianza kuweka nguo begini.

Kilichouvunja mpango ni ndoo. Siku moja asubuhi, mimba ikiwa ya wiki thelathini, aliitwa na muuguzi Warigia. Alifika hadi mlangoni na miguu ikagoma. Ndoo aliishika kwa mkono mmoja.

"Ngai, Regi, ingia basi," Warigia alisema. "Ama unangoja nikuwekee kapeti?"

"Siwezi, sista."

"Wewe? Wewe umezoea hii maneno kuliko sisi."

Wengine walicheka. Dahabo Roba, mkunga mkuu wa zamu, hakucheka. Aliona mkono wa pili wa Regina ulipokuwa umewekwa, chini kidogo ya kitovu, juu ya koti lile kubwa. Aliichukua ndoo, akamkabidhi Warigia, akampeleka Regina chumba cha chai na kufunga mlango.

"Ni ya miezi mingapi?"

"Saba."

"Na kwa nini hukuja kliniki hapa?"

"Hapa wananijua. Mtacheka."

Dahabo hakukana. Walikuwa wamecheka dakika mbili zilizopita. Badala yake alimuuliza kama analala, kama anakula, kama kuna siku amefikiria kujidhuru au kuitoa ile mimba. Aliuliza kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Regina alijibu kwamba kujidhuru hapana. Kuhusu lile la pili alisema alifikiria mwanzoni, mara moja.

"Nataka operesheni," alisema. "Nilale nisijue, niamke imekwisha."

"Tunaweza kumwuliza daktari. Lakini ujue, operesheni nyingi hulali. Unachomwa sindano ya mgongo, uko macho. Na damu inayotoka kwa operesheni kwa kawaida ni nyingi kuliko ya kuzaa kawaida. Unaogopa nini hasa? Uchungu?"

"Damu."

Dahabo alikwenda akarudi na rejista ya uzazi. Mwezi uliopita walijifungua akina mama mia moja na arobaini na wawili. Alimwuliza Regina aliitwa na ndoo mara ngapi mwezi huo. Regina alifikiri akasema saba, labda nane.

"Hao wengine hukuwaona."

"Lakini hao nane niliwaona, sista."

Dahabo alifunga rejista. Amekuwa mkunga kwa miaka kumi na tisa na anajua kwamba hesabu haimtulizi mtu wa namna hiyo, ila humpa kitu cha kushika. Hofu ya Regina haikuwa ya kitoto wala ya ujinga. Alichokiona kilitokea kweli. Kosa lilikuwa la wodi nzima, kudhani kwamba anayepangusa damu kila siku ameizoea.

"Siwezi kukuapia hutapata shida," alimwambia. "Hakuna mkunga anayeweza. Ninachoweza ni kukuonyesha tunafanya nini shida ikija."

Akamwonyesha. Walipima wingi wa damu yake siku hiyo hiyo. Ilikuwa kumi nukta moja, chini kidogo ya kumi na moja inayotakiwa kwa mjamzito, akapewa vidonge vya madini ya chuma vya kumeza kila siku. Kundi lake la damu liliandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Dahabo alifungua friji na kumwonyesha vichupa vya dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isizidi, ambayo kila mama huchomwa pajani mara mtoto anapotoka. Regina alikuwa amepangusa sakafu mbele ya friji hiyo miaka sita bila kujua ndani mna nini.

Alipelekwa pia kwa Abdifatah, mshauri wa afya ya akili wa hospitali hiyo, ambaye ana chumba kimoja na foleni ndefu. Regina alimwona mara tatu. Abdifatah alimfundisha kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, na akamwambia asiilazimishe hofu iondoke, akaribie tu kile anachokiogopa, kidogo kidogo. Kwa hiyo kila Jumanne wodi ikiwa tupu, Regina aliingia na Dahabo bila ndoo. Wiki ya kwanza alisimama mlangoni. Ya pili aligusa kitanda. Ya tatu alikimbilia chooni kutapika, na wiki iliyofuata wakaanza tena mlangoni. Hakufika mahali pa kulala juu ya kile kitanda. Lakini alilitoa begi la Kinna uvunguni, akapanga upya nguo zilizokuwamo kwa safari ya hospitali, na juu yake akaweka kijitabu.

Waliandika mpango wa kujifungua kwenye karatasi moja, kwa maneno ya Regina. Kevin awe naye ndani. Nisiguswe kabla ya kuambiwa. Nisilazwe chali nikiweza kutembea. Nikiomba operesheni, mniulize kwanza kama nimeshindwa au naogopa, na mniitie daktari nikisema nimeshindwa. Mniambie damu ni kiasi gani, hata kama ni nyingi.

"Hiyo ya mwisho una uhakika?" Dahabo aliuliza.

"Nikinyamaziwa nitajua nakufa."

Dahabo alisaini chini. Regina aliamini kwamba Dahabo ndiye atakayekuwapo siku hiyo, ingawa mwenyewe hakuwahi kusema hivyo.

Uchungu ulianza Alhamisi, saa mbili asubuhi, wiki ya thelathini na tisa. Walipofika, Dahabo hakuwapo. Alikuwa ndani ya ambulansi akimsindikiza mgonjwa hospitali ya Meru. Aliyekuwa kwenye zamu ni Warigia.

Regina aligeuka kurudi langoni. Kevin alimshika kiwiko, kisha akamwachilia, kwa sababu hakujua kama kumshika ni kumsaidia au ni kumlazimisha. Walisimama kwenye korido hivyo, uchungu ukija na kuondoka mara tatu, hadi Warigia akatoka.

"Dahabo alisema kuna karatasi yenu?"

Kevin aliitoa. Warigia aliisoma yote akiwa amesimama. Alipomaliza uso wake ulikuwa umebadilika kidogo.

"Siku ile ya ndoo," alisema. "Sikujua, Regi."

"Sasa unajua."

"Sasa najua. Nataka kupima njia imefunguka kiasi gani. Naweza?"

Ilikuwa sentimita nne. Regina alitembea huku na huku hadi saa sita, Kevin nyuma yake akimsugua kiuno mahali pasipofaa, akiambiwa chini, akishuka mno, akiambiwa juu. Saa saba Regina alianza kupiga kelele kwamba apelekwe operesheni. Warigia aliinama hadi macho yao yakawa sawa.

"Umeandika nikuulize. Umeshindwa ama unaogopa?"

Regina alivuta pumzi, akaitoa polepole.

"Sijui."

Karatasi haikusema lolote kuhusu jibu hilo. Warigia alisikiliza moyo wa mtoto, ukapiga vizuri. Akamwita daktari hata hivyo, na alipokuwa akimngoja akavuta kiti, akaketi, akaanza kuhesabu pumzi kwa sauti kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Daktari alipofika, kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana.

Mtoto alikuwa msichana, na alilia kabla hajatoka mwili wote. Warigia alimweka kifuani pa mama yake, akasema nakuchoma sindano pajani sasa, akachoma. Kondo la nyuma lilitoka lote. Regina alikuwa amefumba macho kwa nguvu.

"Kevin. Angalia damu. Ni nyingi?"

Kevin aliangalia. Hakuwahi kuona damu ya uzazi maishani mwake.

"Sijui, Gina. Sijui nyingi ni gani."

Warigia alisoma mistari kwenye mfuko wa plastiki wa kupimia damu uliokuwa chini ya Regina. "Mililita mia mbili na themanini. Wasiwasi wetu huanza ikikaribia mia tano. Hujafika."

"Unanidanganya."

"Fungua macho uone."

"Siwezi."

"Basi usifungue. Nitakuja kila dakika kumi na tano nikuambie."

Alikuja. Alibonyeza tumbo, akapima presha, akasema mia tatu. Alikuja tena, akasema mia tatu na kumi. Kila mara Regina alirudia ile namba kwa sauti ndogo, akamwambia Kevin aangalie saa ya ukutani. Kati ya kipimo kimoja na kingine hakumtazama mtoto sana. Alimshika tu, na kwa mkono wa pili aliushika ukosi wa shati la mumewe.

Mara ya tatu Warigia alipotaja namba na kuondoka, Regina hakuirudia. Vidole vyake vililegea, kichwa kikaangukia upande. Kevin hakuwa na njia ya kujua kama huo ni usingizi au ni kuzimia. Alimtikisa bega, akamtikisa tena.

"Nini?" Regina alisema.

"Hakuna. Nilitaka kuona kama umelala tu."