Barua ya Kumwambia Avumilie

Mdogo wangu aliponiandikia kutoka Ufaransa kwamba mumewe anampiga yeye na mtoto, nilimjibu kutoka kwetu Kanyosha kama marehemu mama angejibu: “Vumilia. Niko zubakwa, ndivyo nyumba zinavyojengwa.”

Alikimbilia Ubelgiji na mtoto, barua akaiacha kabatini kwa mumewe. Mume akaenda mahakama ya huko kudai mtoto arudishwe.

Baada ya hukumu alinipigia simu akilia.

“Yaya, dada yangu, jaji anasema hapa haamui nani amlee, hiyo ni kazi ya mahakama ya Ufaransa. Mutoto anarudi, isipokuwa nionyeshe kule kuna hatari kubwa.”

“Si ulionyesha?”

“Wakili wa mume wangu alisoma barua yako. Akauliza, kama kuna hatari, mbona dada yake mwenyewe alimwambia akae? Jaji akamwamini.”

Nilitema mate sakafuni. Nilikuwa nimeiandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, isomeke vizuri.